Sauti ya juu, muda au midomo: uandikeje skripti ya kuingizia sauti ya Kiswahili?

Mama mmoja kiongozi wa kikundi cha wakulima wa viazi kule Isongole, Rungwe, aliniletea flashi yenye video ya dakika 12. Ndani yake mtaalamu wa kike anazungumza Kiingereza kuhusu ukungu wa viazi, ule ambao mabwana shamba huuita bakajani chelewa. Nusu ya video uso wake umejaa skrini nzima.

"Mwanangu, tunataka aseme Kiswahili," mama akaniambia. "Maandishi ya chini hapana. Wazee wangu wakimaliza kusoma mstari mmoja, yule dada ameshafika wa tatu."

"Shikamoo mama. Unataka yeye aseme, au unataka sisi tumsemee?"

"Marahaba. Kwani kuna tofauti?"

Ipo, na ni kubwa kuliko wateja wengi wanavyodhani. Kumsemea ni kuweka sauti ya Kiswahili juu ya yake, na mtazamaji anajua kuwa anasikiliza mkalimani. Kumfanya aseme ni kumdanganya mtazamaji kwa hiari yake mwenyewe kwamba Kiswahili kinatoka kwenye kinywa kile. Katikati ya hizo mbili kuna njia nyingine: sauti inaanza na kukoma pamoja na mdomo, lakini hakuna anayehangaika na maumbo ya midomo katikati ya sentensi. Kila njia ina skripti yake. Ukiandika skripti ya njia moja kisha ukarekodi kwa nyingine, studio itakuumbua.

## Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni jicho: kamera iko karibu kiasi gani, na mtazamaji ataona nini kikikosana. La pili ni maana: kiasi gani cha ujumbe kinafika kikiwa salama, hasa namba na vipimo. La tatu ni kazi ya mezani, yaani saa unazokaa na kalamu kabla hujawasha maiki. La nne ni studio: unahitaji mwigizaji wa namna gani, na mara ngapi atarudia mstari.

Kabla ya kulinganisha, tujue Kiswahili kinatuletea nini mezani, maana hapo ndipo watafsiri wazuri wa maandishi wanapokwama. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kanusho. Kwenye karatasi kinaonekana kifupi, kumbe mdomoni ni kirefu. Kukataza kitu kwa Kiingereza kunaweza kuisha kwa silabi moja, wakati "usifanye" ni nne. Mwanzoni nilikuwa napima urefu wa mstari kwa herufi, nikashangaa kwa nini mistari inayolingana kwenye skrini hailingani maikini. Hesabu silabi, usihesabu herufi wala maneno. Mwigizaji wangu akisema kwa utulivu anatoa silabi tano hadi sita kwa sekunde. Akifika saba anaanza kusikika kama mtangazaji wa mpira, na zaidi ya hapo anameza maneno.

Sasa tuchukue sentensi moja ya yule mtaalamu tuipitishe kwenye njia zote tatu. Anasema kwamba usipopulizia dawa kabla ya mvua, shamba lote litakwenda. Kwa Kiingereza ni silabi 13: nane kwa sekunde 1.6, kituo kifupi, kisha tano kwa sekunde 1.2. Tafsiri ya moja kwa moja niliyokabidhiwa pamoja na flashi ilikuwa hii: "Kama hutapulizia dawa kabla ya mvua kuanza kunyesha, utapoteza shamba lako lote la viazi." Ni Kiswahili safi, hakina kosa, na kina silabi 36. Ukitoa kile kituo, zinabaki sekunde 2.8 za kusema. Hapo ni karibu silabi 13 kwa sekunde, na hakuna binadamu wa kuzisema zikaeleweka.

## Njia ya kwanza: sauti ya juu

Sauti ya asili inasikika kidogo mwanzoni, sekunde moja hivi, kisha inapunguzwa, na Kiswahili kinapanda juu yake. Hii ndiyo jamaa ya karibu ya kile ambacho watu wa vibanda umiza walikizoea kwa wasimulizi wa filamu kama Lufufu hapa kwetu na DJ Afro kwa jirani zetu Kenya, ingawa wale waliongeza chumvi na pilipili zao, jambo ambalo mtaalamu wa viazi asingelipenda.

Jicho. Hakuna anayetegemea midomo ifanane, kwa hiyo haikosani. Mtazamaji ameshakubali kwamba wanaozungumza ni wawili. Kinachomkera ni Kiswahili kuendelea wakati mtu kwenye picha ameshanyamaza na ameanza kufanya jambo lingine.

Maana. Hapa ndipo njia hii inapowazidi wenzake. Mstari wetu niliuandika hivi: "Usipopiga dawa kabla mvua haijaanza, shamba lote la viazi litaondoka na ukungu." Silabi 33. Kwa kasi ya sita kwa sekunde unachukua sekunde tano na nusu, na ukianza sekunde moja baada ya mtaalamu, unamalizika kwenye sekunde ya sita na nusu. Unafaa kwa sababu moja tu: baada ya sentensi ile mtaalamu ananyamaza kama sekunde nne akigeuza jani kutazama upande wa chini. Bila ukimya ule ningelazimika kuukata. Basi hata sauti ya juu ina mipaka, ila unapima aya nzima badala ya sentensi. Tafuta mahali anapopumua au anapotembea, ndipo pa kumwagia maneno yaliyozidi.

Kazi ya mezani. Mimi dakika moja ya video hunichukua nusu saa.

Studio. Msomaji mzuri wa habari anatosha. Mmoja anaweza kusoma wahusika wote, ingawa ningeshauri angalau sauti ya kike na ya kiume, maana wazee wa Isongole walicheka hadi machozi walipomsikia dada yule anazungumza kwa besi kwenye jaribio langu la kwanza.

Inafaa mafunzo, mahojiano, taarifa, na kila kitu ambacho mtazamaji anakifuata ili apate ujumbe. Haifai mchezo wa kuigiza, kwa sababu kilio cha mtu kikifunikwa na sauti ya msimulizi kinageuka taarifa ya habari.

## Njia ya pili: kuandika kwa muda

Hapa sauti ya asili inaondolewa kabisa. Kiswahili kinaanza mdomo unapofunguka, kinasimama unaposimama, kinakoma unapofungwa. Yanayotokea katikati tunayaacha.

Jicho. Ukiwa na picha ya kiunoni, mtu wa pembeni, au kundi linalobishana sokoni, hii inatosha kabisa. Jicho la binadamu ni kali zaidi kwenye mwanzo na mwisho wa usemi kuliko katikati. Ukali wenyewe haulingani pande zote: pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, liitwalo BT.1359 linaonyesha kwamba watu huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 tu, lakini ikichelewa hawaigundui hadi ifike kama milisekunde 125. Vipimo vile ni vya matangazo, havikuwekwa kwa ajili ya kazi hii, lakini somo linatumika. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kuchelewa fremu mbili, usitangulie.

Maana. Inapungua, ila kwa mpango. Nilimuuliza yule mama wakulima wake wanasemaje hasa, akajibu bila kufikiri: "Mvua ikikuta hujapiga, shamba limekwisha." Nikahesabu kwa vidole: kumi na sita. Kumi kabla ya kituo, sita baada yake. Anayesema "kupulizia dawa" ni bwana shamba. Mkulima "anapiga", na akisema hujapiga kila mtu kijijini anajua ni nini. Mtu wa mezani angehangaika asubuhi nzima kuufikia mstari ule.

Silaha za kufupishia zimo ndani ya lugha yenyewe, na ukizizoea hutahitaji kukata maana ovyo. "Mkulima ambaye anapanda" ni silabi 11, "mkulima anayepanda" ni tisa. "Lakini" ni tatu, "ila" ni mbili. "Kwa sababu ya" inaweza kuwa "kwa". Na pale jina limeshatajwa, acha kiambishi kifanye kazi yake: "viazi vitaoza" baadaye inakuwa "vitaoza" tu. Pa kuwa makini ni mstari kuwa mfupi mno. Ukimaliza na mdomo bado unacheza nusu sekunde, mtazamaji anaona mtu anatafuna. Afadhali uongeze "basi" au "tena", au neno la wito kama "ndugu yangu". Hayo ndiyo mawe ya kuzibia nyufa.

Kazi ya mezani. Saa moja na nusu kwa dakika moja ya video. Mimi hukata vituo kwenye programu ya Aegisub, kila kipande cha pumzi na mstari wake, halafu naandika nikitazama urefu wa kipande na wala si karatasi ya tafsiri.

Studio. Unahitaji mwigizaji anayeweza kusema huku akitazama picha. Mara tatu nne za kurudia mstari ni kawaida.

Inafaa tamthilia za televisheni, mafunzo yenye wahusika, katuni nyingi, na filamu ambazo kamera haikai usoni muda mrefu. Watazamaji wetu si wageni wa namna hii, kwani tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili ilionyeshwa TBC tangu mwaka 2011.

## Njia ya tatu: kuandika kwa midomo

Sasa tunaongeza maumbo. Si yote, kwa sababu mengi hayaonekani. K, g, h, n, s na t hutokea ndani ya kinywa, na mtazamaji haoni tofauti. Yanayoonekana kutoka mbali ni matatu. La kwanza ni midomo inayofumba kabisa: m, b, p. La pili ni meno ya juu kugusa mdomo wa chini: f, v. La tatu ni midomo ya mviringo: o, u, w. Ukiyalinda haya kwenye picha ya karibu, umelinda karibu kila kitu.

Jicho. Ile video, kwenye dakika ya kwanza na sekunde 12, uso umejaa skrini. Niliondoa sauti, nikaitazama mara kumi kwa mwendo wa pole, nikaandika midomo yenyewe. P ni kufumba, F ni meno kwenye mdomo, O ni mviringo, E ni mdomo uliotanuka, kistari ni kitu kisichoonekana:

```
00:01:12,400 --> 00:01:15,500
F O O P P F - E | O O - O F
```

Tazama nusu ya pili. Mdomo wake haufumbi hata mara moja. Sasa rudi kwenye mstari mzuri wa yule mama: "shamba limekwisha". Una "mba" na una "me". Ni mafumbo mawili, yaani midomo inafumba mara mbili, mahali ambapo dada yule ana mdomo wazi. Na mwanzoni "mvua" inafumba wakati yeye ndiyo kwanza anafungua. Kwa muda mstari umelala sawasawa, ila kwa midomo unapiga kelele. Nilimwonyesha jirani yangu fundi simu bila kumwambia kitu, akasema, "Kaka, huyu dada anasema kitu kingine." Hakujua kosa liko wapi. Aliliona tu.

Na si suala la sura pekee. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikia "ba" huku akiona mdomo unaosema "ga", mara nyingi atadai amesikia "da". Jicho linahariri kile ambacho sikio linapokea. Mdomo ukipingana na neno, neno lenyewe linaweza kupotea.

Nikaandika upya. Rasimu iliyokaribia kuliko zote ilikuwa "Hujapiga kabla ya mvua, utakosa vyote." Silabi tisa kisha sita, na mafumbo yanakuja kwa mpangilio wa asili: "pi", kisha "bla", kisha "mvu" yenye v palepale karibu na F yake. Nusu ya pili haina m, b wala p, na "vyote" inaweka meno kwenye mdomo mahali hasa alipoweka yeye. "Vyote" ni viazi, kwa hiyo shamba halijatajwa lakini hasara imebaki kamili. Nilifurahi, nikajipongeza kwa chai.

Kesho yake nilimsomea mama kwa simu. Akauliza, "Nani hajapiga? Mimi?" Sikio lake lilichukua "hujapiga" kama shutuma, sharti halikusikika. Ikabidi nirudi kwenye "Usipopiga kabla ya mvua, utakosa vyote." Silabi ni 16 sasa. "Po" imeongeza fumbo moja lisilo lake, lakini lipo mahali ambapo mdomo wa asili uko mviringo, na mwigizaji akiligusa kwa wepesi halionekani sana. Namalizia "mvua" na mdomo wazi wakati yeye anamalizia na mdomo uliotanuka, na hilo nimeliacha. Kwa kazi ya midomo, ukipata mafumbo makubwa matatu kati ya manne na maana ikabaki nzima, shukuru uende mstari unaofuata.

Kuna mambo machache ya Kiswahili ambayo yamenisaidia hapa kuliko kitabu chochote. Ngeli yetu ya kwanza imejaa m: mkulima, mtu, mtaalamu. Ukihitaji mdomo usifumbe mwanzoni mwa neno, nenda wingi: "wakulima", "watu", "wataalamu". W ni mviringo, haifumbi. Msamiati wa kilimo nao una balaa lake, mbegu, mbolea, mmea, mvua, shamba, zote zinafumba, kwa hiyo ziweke mahali ambapo mdomo wa asili unafumba, na kwingine tumia kiambishi kinachozirejelea. "Kwa sababu" ina b mbili, "kwani" haina hata moja. Mtu akikataa kwa Kiingereza kwa "no", silabi moja ya mviringo, "hapana" itamfumba mdomo katikati. "Siyo" inaishia na mviringo uleule. Na akikubali huku mdomo umetanuka, "ndiyo" inaharibu, "ee" inakaa.

Kikwazo kigumu zaidi ni mwisho wa sentensi. Kiingereza kinaweza kumalizia midomo imefungwa kwa p au m, na sisi hatuna neno la asili linaloishia hivyo. Dawa yake ni mkazo wetu. Kwa kuwa mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, silabi ya mwisho ni dhaifu na inaweza kumezwa. Malizia na neno kama "tupu" au "magumu", mwigizaji afumbe kwa nguvu na aachie u ipotee kwenye pumzi. Mstari unaoishia na "-a" mahali pale utamwacha mtu mdomo umefungwa na sauti bado inatoka tumboni.

Maana. Hapa pana hatari, na nataka ieleweke vizuri. Baadaye kwenye video mtaalamu anataja kipimo: gramu 50 kwenye bomba la lita 20. Kwa Kiingereza chake ni silabi kumi. Kwa Kiswahili, "gramu hamsini kwa bomba la lita ishirini" ni 16. Ukiandika kwa midomo utashawishika kusema "gramu hamsini kwa bomba", zinabaki tisa, na "bomba" inafumba vizuri mwishoni mwa mstari. Lakini mabomba ya mgongoni yanayouzwa madukani si saizi moja. Yapo ya lita 16. Mkulima mwenye bomba hilo akitia gramu 50, dawa yake inakuwa na gramu 3.1 kwa lita badala ya 2.5. Umemzidishia dawa kwa robo nzima ili mdomo wa mtu ulingane. Namba, vipimo, majina ya dawa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna visiandikwe kwa midomo kamwe. Mimi hapo niliomba mhariri aweke picha ya bomba lenyewe, sauti ikaendelea bila uso, na silabi zote 16 zikaingia.

Kazi ya mezani. Saa nne kwa dakika moja, na siku nyingine dakika moja inakula siku nzima.

Studio. Unahitaji mwigizaji mwenye sikio na subira, na mwandishi akae palepale na kalamu, kwa sababu mistari itabadilika. Mwigizaji anaweza kunusuru fremu mbili tatu kwa kuvuta irabu au kukimbiza silabi zisizo na mkazo. Mstari mbovu hawezi kuunusuru.

Inafaa filamu za kuigiza zenye nyuso za karibu, matangazo mafupi ya biashara, na wahusika ambao mtazamaji anatakiwa awapende au awachukie. Kwa mafunzo ya dakika 12 ni gharama isiyo na kazi.

## Ukiwa hivi, fanya hivi

Kama una mafunzo ya kilimo, afya au ufundi, na wasikilizaji wako wanataka kwenda kufanya kesho asubuhi, anza na sauti ya juu. Ukiona sehemu fulani watu wanasinzia, hasa penye mazungumzo ya mkulima na mkulima, hizo peke yake zipandishe ziwe za muda.

Kama ni tamthilia ya vipindi vingi na bajeti ni ya kawaida, andika yote kwa muda, kisha pitia picha ukiwa umezima sauti na uweke alama kila uso unapojaa skrini. Kwa kawaida ni mistari michache katika kila kipindi. Hiyo tu ndiyo uiandike kwa midomo.

Kama ni tangazo la sekunde 30 au filamu fupi ya kupeleka kwenye tamasha, nenda midomo moja kwa moja, na usimpe kazi mtu anayelipwa kwa idadi ya maneno. Atakupa maneno mengi.

Kama mwigizaji wako ni mmoja na hajawahi kusema huku akitazama picha, usimwanzishie njia ya pili wala ya tatu. Mpe sauti ya juu wiki mbili kwanza.

Na kama wewe ndiye unayepiga picha, iwe Iringa, Njombe au hapa Mbeya, na unajua kazi itakwenda baadaye kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kiingereza, msaidie mwandishi atakayekuja. Acha nusu sekunde ya ukimya baada ya kila sentensi. Namba zisemwe wakati kamera iko kwenye mikono au kwenye kifaa. Salamu zipige kwa picha ya mbali, kwani "kamwene" na "ugonile" hazifanani urefu wala midomo, na ukizipiga usoni mtu atakulaani.

Ile video ya Isongole ilimalizika hivi: dakika tisa za sauti ya juu, mbili za muda, na chini ya dakika moja ya midomo, pale dada anapotazama kamera na kuonya kuhusu mvua. Mstari ule mmoja tuliurekodi mara kumi na moja. Mara sita za mwanzo ziliharibiwa na mvua yenyewe, ilikuwa Januari na studio yangu imeezekwa bati.